Maharage ya kopo au ya gunia: Kilo moja ni sawa na makopo kumi

Ndugu msomaji wa safu hii, siku hizi hapa Mwanza yapo maneno yanayosemwa sana na akina mama waajiriwa na wafanyabiashara, na hata akina baba wanaoishi peke yao. Wanasema maharage ni chakula cha mtu mwenye muda. Ukirudi kazini saa kumi na mbili jioni, ukayabandika jikoni, watoto watalala kabla hayajaiva. Kwa hiyo, wanasema, bora kununua ya kopo, unafungua, unaunga, mnakula. Wengine huongeza kwamba hata kwa hesabu kopo ni nafuu, kwa sababu mkaa unaokwisha kwenye sufuria la maharage unakaribia bei ya maharage yenyewe.

Hoja hii si ya kubezwa. Anayeisema anajua anachokizungumza, kwani amekwisha kukaa mbele ya jiko saa tatu. Lakini naona hesabu yake imekosewa mahali pawili: kwenye kipimo, na kwenye namna ya kupika. Tuanze na kipimo.

Kopo la kawaida la maharage tunalolikuta katika maduka makubwa ya mjini lina gramu 400. Watu wengi wanadhani wamenunua karibu nusu kilo ya maharage. Sivyo. Ukimwaga maji yaliyomo, maharage yanayobaki ni kama gramu 240, na makopo mengi yanaandika uzito huo pembeni kwa herufi ndogo. Tena hizo gramu 240 ni za maharage yaliyokwisha kunywa maji na kuvimba. Sasa chukua kilo moja ya maharage makavu kutoka soko la Mlango Mmoja au Buhongwa. Yakiloweshwa na kuiva, yatakupa kati ya kilo mbili na robo na kilo mbili na nusu, bila kuhesabu mchuzi. Gawa kwa 240 utaona mwenyewe: kilo moja kavu ni takriban makopo kumi.

Hapo ndipo pa kuanzia kila hesabu, bei iwe vyovyote itakavyokuwa. Nenda dukani, tazama bei ya kopo moja, izidishe kwa kumi, kisha iweke karibu na bei ya kilo ya maharage pamoja na moto wake.

Tuchukue mfano wa nyumba ya watu sita pale Nyegezi, baba, mama na watoto wanne. Kwa mlo mmoja wa wali au ugali, familia hii hula kama gramu 780 za maharage yaliyoiva, yaani wastani wa gramu 130 kwa kila mtu, mkubwa akizidishiwa na mdogo akipunguziwa. Kilo moja kavu inawatosha milo mitatu. Kwa makopo, mlo mmoja unataka makopo matatu na zaidi kidogo. Tuseme, kwa mfano tu, kilo ni shilingi 3,000 na kopo ni shilingi 3,500. Milo mitatu ya makopo itakuwa shilingi 35,000. Milo mitatu ya maharage makavu ni shilingi 3,000 na mkaa. Hata ukiweka mkaa wa shilingi 2,000, bado uko kwenye shilingi 5,000. Badilisha bei hizo uweke za mtaani kwako. Tofauti itapungua au kuongezeka, lakini mkaa peke yake hauwezi kuziba pengo la mara saba. Anayenunua kopo analipia kitu kingine, nacho ni muda wake. Basi tuuangalie huo muda.

Mtu aliyehamia Mwanza kutoka Dar es Salaam au Tanga huwa analalamika kwamba maharage ya huku ni magumu. Kuna ukweli ndani yake, na kosa si la maharage peke yake. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda juu, maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Pwani maji huchemka kwa nyuzi joto 100, hapa kwetu yanatokota kwa kama nyuzi 96. Ukichochea moto zaidi hayapandi juu ya hapo, yanakauka tu haraka na mkaa unaisha. Nyuzi nne zinaonekana ni kitu kidogo, lakini kwa punje ngumu zinaongeza muda wa kuiva. Karagwe, ambako ni juu zaidi ya hapa, jambo hili linaonekana zaidi.

Sababu ya pili ni umri wa maharage. Sehemu kubwa ya maharage tunayokula yanatoka Kagera, Geita na Kigoma. Kagera huvuna mara mbili, karibu na mwezi wa Juni na tena karibu na Desemba na Januari. Maharage mapya yaliyokauka vizuri yakiloweshwa huiva kwa saa moja hadi saa moja na nusu. Lakini yakikaa miezi mingi ghalani kwenye joto na unyevu, punje hujifunga ndani. Hayo utayalowesha usiku kucha, utayachemsha saa tatu, na bado katikati pana kitu kama mchanga. Hakuna ujanja wa kuyarudisha. Kwa hiyo muda wa jikoni unaamuliwa sokoni. Usimuulize muuzaji kama yanaiva haraka, kwa maana atasema ndiyo. Tazama rangi: maharage ya njano au yenye mistari yanapozeeka hufifia na kuwa na weusi wa kahawia, ngozi haing'ai tena. Tazama kama yana matundu ya wadudu na unga chini ya gunia. Kisha nunua nusu kilo kwanza, pika, na yakiwa mazuri rudi siku ya pili kwa muuzaji yule yule uchukue za mwezi mzima kutoka gunia lile lile. Ukinunua nyingi, zihifadhi kwenye ule mfuko wa tabaka tatu unaofungwa hewa isiingie; wadudu hufa humo bila dawa.

Sababu ya tatu ni kutokulowesha. Maharage yasiyoloweshwa yanaweza kukaa jikoni saa mbili hadi tatu. Yakiloweshwa saa nane hadi kumi, muda huo unapungua karibu nusu, na mkaa vilevile. Kulowesha hakukuchukulii muda wowote, unafanya baada ya swala ya Isha na unakwenda kulala. Weka maji mara tatu ya maharage, maana yatavimba. Asubuhi mwaga maji yale, suuza, tia mapya. Ukimwaga maji ya kwanza unapunguza pia zile sukari zinazoleta gesi tumboni, ambazo ndizo zinawafanya wazee wengi wayakimbie maharage. Kwa joto letu usilowesha zaidi ya saa kumi na mbili bila kubadili maji. Ukiona mapovu na harufu ya uchachu, yameanza kuharibika. Ukisahau kulowesha, yachemshe dakika tatu, funika, yaache saa moja, mwaga maji hayo, kisha anza kupika. Si sawa na usiku mzima lakini yanasaidia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nadhani ndilo kiini. Kosa la mama mwenye haraka ni kupika maharage ya mlo mmoja kila anapoyataka. Sufuria la nusu kilo na sufuria la kilo moja na nusu yanachukua muda unaokaribiana. Basi pika mara moja kwa wiki, Jumamosi au Jumapili, yachemshe matupu bila kitunguu wala nyanya, kisha yagawe katika vyombo vya mlo mmoja mmoja. Hapo umetengeneza makopo yako mwenyewe. Jumanne jioni unatoa chombo kimoja, unakaanga kitunguu na nyanya, unamwaga maharage, na kwa dakika kumi na tano mnakula. Ni muda ule ule wa aliyefungua kopo. Na kazi ya mikono, ukiihesabu kwa haki, ni kuchambua dakika kumi, kuosha, kuongeza maji mara mbili tatu na kugawa. Haizidi nusu saa kwa wiki. Saa nyingine zote sufuria linajipikia na wewe unafua au unasomesha watoto.

Nyanya, ndimu na ukwaju viongezwe baada ya maharage kulainika. Uchachu wake huifanya ngozi ya punje isilainike, na wengi wanaolaumu maharage walipaswa kulaumu nyanya walizotia mapema. Maji nayo yana sehemu yake. Ya bomba yanayotoka ziwani hayana chokaa nyingi na yanapika vizuri. Mwenye kutumia maji ya kisima yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika atapata shida zaidi.

Kwa mwenye friji, maharage yaliyochemshwa hukaa siku tatu hadi nne, na kwenye sehemu ya kugandisha hukaa hata miezi mitatu. La muhimu ni kuyapoza haraka. Sufuria kubwa la moto likiachwa juu ya meza mpaka asubuhi, katikati yake hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, na hapo vijidudu vinazaliana. Yamwage kwenye vyombo vipana, viweke ndani ya beseni la maji baridi, na viingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Asiye na friji asijaribu kupika ya wiki. Apike ya jioni na ya kesho asubuhi, na asubuhi ayachemshe mpaka yatokote kweli kweli, si kuyapasha tu. Huyo faida yake itakuwa ndogo kidogo, lakini bado ni nusu ya kazi.

Kama nyumba ina uwezo wa kununua chombo kimoja tu kwa ajili ya jiko, mimi ningesema iwe sufuria la presha, tunaloliita presha kuka, la gesi au la umeme. Ndani yake maji hufika zaidi ya nyuzi 110, kwa hiyo ule upungufu wa nyuzi nne wa Mwanza unafutika. Maharage yaliyoloweshwa huiva kwa dakika 15 hadi 20 baada ya presha kupanda, na yasiyoloweshwa kama dakika 40 hadi 50. La umeme lililotengenezwa vizuri linapika nusu kilo bila kufikisha uniti moja ya umeme. Chukua risiti yako ya LUKU, gawa fedha ulizolipa kwa uniti ulizopata, utajua kila sufuria la maharage linakugharimu kiasi gani. Wengi watashangaa kuona ni chini ya mkaa. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034, na kwa maoni yangu maharage ndiyo kipimo cha kweli cha mkakati huo, kwa sababu wengi wenye gesi nyumbani bado wanarudi kwenye mkaa siku ya maharage. Tahadhari mbili: usijaze zaidi ya nusu ya sufuria, kwa maana povu la maharage huziba tundu la kutolea mvuke, na usilazimishe mfuniko kabla presha haijashuka yenyewe.

Yupo pia anayeshauri maharage yawekwe kwenye chupa ya chai na maji ya moto usiku kucha, au kwenye kikapu cha kuhifadhi joto, ili kuokoa moto. Kikapu ni kizuri, lakini kwanza maharage yachemke kwa nguvu jikoni nusu saa nzima. Maharage mabichi, hasa mekundu makubwa, yana sumu yake ya asili inayovunjika kwa mchemko mkali tu. Joto la chini kidogo haliivunji, na yakipikwa kwa uvuguvugu inaweza hata kuzidi. Mtu aliyekula maharage ya namna hiyo hutapika sana ndani ya saa moja hadi tatu, kisha kuharisha. Watoto wasiruhusiwe kutafuna punje za kwenye sufuria ambalo halijaiva. Katika hili kopo lina ubora wake, maana yaliyomo yamekwisha kupikwa kwa presha kiwandani.

Na kwa upande wa lishe, nisimsingizie mwenye kopo. Protini, nyuzinyuzi na madini ya chuma katika maharage ya kopo ni karibu sawa na yale ya nyumbani, kama gramu nane za protini kwa kila gramu 100 zilizoiva. Tofauti kubwa ni chumvi. Maharage ya kopo hutiwa chumvi kiwandani, na yule mwenye shinikizo la damu akila na mchuzi wake wote amekula chumvi asiyoijua, kabla hajaonja na kuongeza yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu tano kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Ukimwaga maji ya kopo na kuyasuuza maharage, unaondoa zaidi ya theluthi ya chumvi hiyo. Yale yaliyo ndani ya rojo la nyanya huwezi kuyasuuza, na hayo yana sukari pia.

Lakini hata sisi wa maharage ya gunia tuna dhambi yetu jikoni, nayo ni magadi. Mama anatia kipande maharage yalainike haraka. Yanalainika kweli, ila magadi huua vitamini B1, huongeza sodiamu kama ya kwenye kopo, na magadi ya kaskazini mwa nchi yetu mengi yana madini ya floraidi, yale yanayowatia watoto madoa ya kahawia kwenye meno yanapozidi. Anayelikimbia kopo kwa sababu ya chumvi kisha akatia magadi hajapata alichokitafuta. Kulowesha kunafanya kazi ile ile bure.

Na chai. Asubuhi nyingi hapa mjini ni chapati, maharage na chai ya rangi. Chai inazuia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, iwe umeyatoa kwenye kopo au kwenye gunia. Kwa mama mjamzito na kwa binti aliyebalehe, ambao damu yao hupungua, ni hasara kubwa kuliko tofauti yote ya kopo na gunia. Chai inywewe saa moja baadaye, na pamoja na maharage ule chungwa, embe au kamua ndimu mezani, kwa sababu uchachu ule ule uliozuia kuiva jikoni sasa unasaidia chuma kuingia mwilini.

Sisemi kopo lisiingie nyumbani. Makopo mawili matatu kabatini yana kazi yake: siku umeme umekatika na gesi imeisha, mgeni amefika usiku, au jamaa anauguza mgonjwa Bugando na hana pa kupikia. Ukiyanunua, kagua tarehe na alama ya TBS, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula. Kopo lililovimba, linalovuja au lililobonyea kwenye mshono litupwe bila kuonja, maana sumu inayoweza kuwa ndani huua kwa kiasi kidogo sana. Na jambo la kwetu Waislamu: maharage ya kopo yanayotoka nje huweza kupikwa na nyama au mafuta ya nguruwe, na picha ya kopo isionyeshe. Soma orodha ya vilivyomo, au mpe kijana anayesoma sekondari akusomee neno kwa neno. Likiwa limeandikwa kwa lugha msiyoijua, liache dukani.

Ipo njia ya tatu inayosahaulika. Katika mitaa yetu wapo akina mama wanaochemsha maharage na kuyauza kwa kipimo jioni. Bei yake iko kati ya gunia na kopo, na fedha inabaki mtaani. Kabla ya kununua muulize kama ametia magadi, ameyapika leo au jana, na uangalie kama sufuria liko motoni au limepoa tangu adhuhuri. Ukifika nyumbani yachemshe tena kabla ya kuyaunga.